Malimbikizo ya pensheni: mstaafu hulipwa vyote, ila muda

Afisa wa pensheni nchini Kenya akilaumiwa kwa faili iliyolala, jibu lake huwa fupi: mstaafu hapotezi kitu, atalipwa malimbikizo yake tangu siku aliyostaafu. Kwa upande wa pensheni ya kila mwezi ni kweli, na ndiyo maana lawama hizi hupuuzwa upesi. Hasara kubwa haiko kwenye malimbikizo yenyewe.

Tumchukue mwalimu wa mpango wa zamani, ule unaolipwa moja kwa moja na Hazina Kuu. Amestaafu tarehe 30 Juni 2023 baada ya utumishi wa miezi 360, mshahara wake wa msingi ukiwa shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Marupurupu ya nyumba na ya usafiri hayamo katika hesabu hii. Sheria huzidisha mshahara wa mwaka kwa miezi ya utumishi, kisha hugawanya kwa 480, na hapo tunapata pensheni kamili ya 540,000 kwa mwaka. Mwalimu akichagua kuchukua robo kwa mkupuo, ile robo ya 135,000 huzidishwa mara 20, na kiinua mgongo chake kinakuwa 2,700,000. Robo tatu zinazobaki, 405,000, zikigawanywa kwa miezi 12 zinampa 33,750 kila mwezi.

Tuseme malipo ya kwanza yalifika Septemba 2024. Malimbikizo ni ya kuanzia Julai 2023 hadi Agosti 2024, miezi 14, jumla shilingi 472,500. Akiona pungufu, kwanza ahesabu miezi. Hitilafu ya kawaida ni tarehe ya kuanza pensheni kuandikwa vibaya, au miezi ya ajira ya mwanzo kutohesabiwa kwa kuwa barua ya kuthibitishwa kazini haikuonekana. Nyongeza ya mshahara iliyoidhinishwa baadaye lakini ikaanza kutumika kabla hajastaafu ni dai jingine: hapo pensheni yote hupigwa hesabu upya, na kiinua mgongo pia.

Sasa tuangalie zile 2,700,000. Baada ya miezi 14 zinalipwa zilezile, bila hata senti juu. Tukikadiria riba ya kawaida ya 8% kwa mwaka, fedha hizo zingemzalia takriban 252,000. Riba hiyohiyo juu ya malimbikizo ya kila mwezi haifiki hata 24,000, kwa sababu pensheni ya Agosti 2024 imechelewa mwezi mmoja tu na ile ya Julai 2023 ndiyo iliyochelewa yote 14. Hasara ya mkupuo inazidi hiyo mara kumi, lakini watu wakikutana hubishana juu ya malimbikizo. Na aliyekopa kwa shailoki ili ale katika miezi hiyo hakukopa kwa 8%.

Idara ya Pensheni nayo ina hoja, na si ndogo. Mstaafu hapeleki faili yake mwenyewe. Mwajiri ndiye huituma, na ikipungukiwa na cheti cha mshahara wa mwisho au uthibitisho kwamba hadaiwi na serikali, hurudishwa. Hata faili iliyokamilika husubiri Hazina itoe fedha kutoka mfuko mkuu wa serikali. Isitoshe, afisa hawezi kujiamulia kulipa riba kwa huruma tu, na ukaguzi wa kina ndio unaozuia pensheni hewa. Haya yote yanaeleza kwa nini fedha zimechelewa. Hayaelezi kwa nini gharama ya kuchelewa imwangukie yule pekee ambaye hakushika faili hata siku moja.

Sheria ya Pensheni, sura ya 189, bado inabeba lugha ya kikoloni kwamba afisa hana haki kamili ya pensheni. Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inadai uamuzi wa kiutawala ufanywe haraka na kwa haki. Kwa maoni yangu riba ingeanza kuhesabiwa siku 60 tangu kustaafu, na itozwe ofisi iliyokaa na faili, awe mwajiri au Hazina. Anayejua kwamba atalipia hatasahau cheti mezani.

Hadi hapo, mstaafu ajilinde kwa tarehe. Aombe kwa mwajiri nakala ya barua iliyopeleka faili, yenye mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ndio utakaoonyesha nani amekaa na faili na kwa muda gani. Dai la pungufu liandikwe kwa Idara likitaja namba ya pensheni, tarehe ya kustaafu, miezi inayodaiwa, kiasi cha mwezi na jumla, pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha kilichoingia. Barua isemayo tu "nimepunjwa" humrudisha afisa kwenye faili bila kujua atafute nini. Kimya kikiendelea, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, yakiambatanishwa na nakala ya barua hiyo.