Mwezi mmoja hautoshi kwa programu yako ya kwanza

Nimetengeneza programu za simu kwa miaka kadhaa kama mtu wa kujitegemea, na ahadi ninayoijutia zaidi ni ile ya "mwezi mmoja." Mteja alitaka programu ya miadi: mtu achague siku na saa, mwenye biashara akubali, kisha arifa iende kwa wote wawili. Nikapiga hesabu kichwani, nikamtajia bei ya jumla.

Kosa lilianzia kwenye sehemu ya kuingia, niliyoipa saa 6. Ukiitazama ni visanduku viwili na kitufe. Lakini mtu lazima ajisajili, na namba yake ithibitishwe kwa ujumbe. Ujumbe usipofika, atumiwe mwingine. Akisahau nywila, apate njia ya kurudi. Tena Apple wanadai kwamba programu inayomruhusu mtu kufungua akaunti imruhusu pia kuifuta humo humo. Saa 6 zikawa 28.

Ndiyo maana nashikilia kwamba bei isiyo na mchanganuo wa saa si makadirio. Mwombe fundi aigawe kazi vipande vidogo, na kipande chochote kinachozidi siku mbili akigawe tena, kwa sababu humo ndimo mambo yanamojificha. Ile ya miadi, nikijumlisha vipande vya kila sehemu, ningeikadiria leo hivi: kuingia saa 28, kalenda 45, arifa 15, upande wa mwenye biashara 40. Jumla 128. Kisha 40 za kujaribu na kurekebisha, ambazo wengi wetu huziacha ili bei ipendeze. Zinakuwa 168. Zidisha kwa malipo ya saa moja na umepata gharama ya kazi, ingawa seva na ujumbe wa uthibitisho vina bili zake ambazo haziishi programu ikikamilika.

Sasa muda. Zile 128 ukizigawa kwa saa 40 za wiki unapata wiki tatu na kidogo, na hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyonipa ule mwezi mmoja. Ila fundi wa kujitegemea ana wateja wengine, simu za kupokea na ankara za kuandika. Kwangu mradi mmoja hupata saa 20 kwa wiki, basi. Kwa hiyo 168 ni karibu wiki 8 na nusu, mteja asipochelewa kujibu maswali.

Na bado hujafika dukani. Akaunti ya mtu binafsi ya kutoa programu kwenye Google Play iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inahitaji wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga na jaribio la faragha kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe ruhusa ya kuitoa kwa umma. Hizo ni wiki mbili ambazo fedha haizifupishi. Akaunti hiyo ifunguliwe siku ya kwanza kwa jina lako wewe mwenye programu, na hao 12 uanze kuwatafuta wakati kalenda ingali inajengwa.