Jumla Kukaa Sawa Hakutoshi

Kila msimu wa kuandika miradi naletewa maandiko hapa Pemba niyapitie kabla hayajapelekwa kwa mfadhili, na karibu kila aliyeleta huniambia, "Bajeti iko sawa, mhasibu keshaihakiki." Mhasibu kahakiki kweli: kajumlisha mistari, na jumla imekaa. Lakini yeye hakuwepo pale vikundi vilipoelezwa wala siku zilipopangwa. Kwa maoni yangu, anayepaswa kuipitia bajeti mstari kwa mstari ni yule aliyeandika maelezo, na aipitie akiwa ameufungua mpango kazi pembeni.

Chukua mfano wa mradi wa wakulima wa mwani Wilaya ya Micheweni. Maelezo yanasema kuna vikundi 6 vya wanawake, kila kimoja kina watu 20, na kila kikundi kitafundishwa peke yake, kwenye mwani wake, siku 3, kwa awamu 2. Wakufunzi ni 2 na wote wawili wanakwenda pamoja. Kwenye bajeti, mstari wa chakula umeandikwa watu 120 × siku 3 × awamu 2. Umelingana na maelezo, na hapo wengi huridhika.

Shuka mstari unaofuata, posho ya wakufunzi: watu 2 × siku 6 × shilingi 80,000, yaani 960,000. Hizo siku 6 zimetoka wapi? Ni siku 3 mara awamu 2, vile mshiriki mmoja anavyozihesabu. Mkufunzi hesabu yake ni nyingine, kwa sababu akimaliza kikundi cha kwanza anaanza cha pili. Kwake ni vikundi 6 × siku 3 × awamu 2, siku 36, na posho inafika 5,760,000. Pengo ni shilingi 4,800,000, na hakuna jumla itakayolionesha, maana kila mstari umezidishwa vizuri.

Ndiyo maana nasisitiza bajeti isiandikwe kwa kiasi kimoja kilichokwisha kupigwa hesabu. Weka safu za idadi, siku, vikundi, awamu na bei, kila moja peke yake, kisha kila namba uitafute kwenye maelezo na uoneshe kwa kidole ilipoandikwa. Namba isiyo na mahali ilipotoka, au imesahauliwa kwenye maelezo, au imebuniwa. Na urudi kinyume vilevile: soma maelezo, na kila kitenzi kinachotaka fedha, kama kufundisha, kutembelea au kugawa kamba, ukitafutie mstari wake.

Halafu kuna mpango kazi, ambao watu huutia rangi miezi tu bila kuuliza kama kazi inaingia humo. Awamu ya kwanza ya mradi huu imepangiwa mwezi 1. Mafunzo ya mwani hufanyika pwani wakati wa bamvu, bahari inapotoka mbali. Maji mafu hayakupi nafasi ya kutosha. Bamvu huja mara 2 kwa mwezi, siku chache kila mara. Vikundi 6 kwa siku 3 ni siku 18, na mwezi mmoja hauna siku 18 za bamvu. Kazi itamwagika hadi mwezi wa pili, na gari iliyokodiwa kwa mwezi mmoja nayo itahitaji mwezi wa pili, ambao haumo kwenye bajeti. Mwezi wenyewe ukiangukia Ramadhani, na mstari wa chakula cha mchana bado umo, mfadhili aijuaye Zanzibar ataona mara moja kwamba walioandika hawakuangalia kalenda.

Namba zikigongana, wengi hukimbilia kubadilisha iliyo rahisi, kwa kawaida ile ya bajeti. Mimi nauliza kwanza ipi ndiyo kazi itakayofanyika kweli. Kama fedha haiwezi kubeba siku 36, basi maelezo ndiyo yabadilike. Katika mfano huu vikundi jirani vinaweza kuunganishwa viwili viwili, wanawake 40 kwa pamoja, kila mkufunzi akasimamia 20. Siku za mkufunzi zinakuwa 18, posho 2,880,000, na kila awamu inachukua siku 9, zinazoweza kuingia kwenye bamvu 2 za mwezi mmoja.

Lakini badiliko hilo lina mkia. Sasa nusu ya wanawake, yaani 60, wataondoka shehia zao kwenda kwa wenzao, na nauli haikuwemo kwa sababu mwanzo kila mtu alifundishwa kwao. Kwa shilingi 4,000 kwenda na kurudi, 60 × siku 3 × awamu 2 ni 1,440,000. Mstari huo uongezwe siku hiyohiyo, na ile sentensi ya "kila kikundi peke yake" ifutwe kila ilipo, pamoja na kwenye muhtasari wa ukurasa wa kwanza, ambako mara nyingi ndiko husahauliwa.