Pumu ya Koku, au mambo gani ya nyuma ya mhusika yabaki kwenye stori

Kuna kitu kimenisumbua miezi kadhaa nikiandika hadithi fupi moja ya kurasa kama kumi na mbili hivi, na nimeona niandike hapa kwa sababu naona waandishi wengi tunaoandika simulizi tunakwama palepale. Ishu ni historia ya mhusika. Yale mambo yaliyomkuta kabla stori haijaanza. Unayajua mengi, umeyaandika kwenye daftari, unampenda huyo mtu, alafu unataka msomaji naye ayajue yote.

Mhusika wangu anaitwa Koku. Mhaya, ana miaka 40, anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Stori yenyewe ni ndogo tu, mdogo wake wa kiume, Deo, anampigia simu kutoka Bukoba, mama yao yuko hoi na anamtaka, na Koku ana miaka ishirini hajakanyaga nyumbani. Aende au asiende? Basi.

Drafti ya kwanza ilianza hivi:

"Koku, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mwalimu Rwegasira, aliyeishia kidato cha pili kwa kukosa ada, mwenye pumu tangu utotoni, aliyeachana na mume wake dereva wa fuso mwaka 2014 na kunusurika katika ajali ya MV Bukoba akiwa na miaka 11, alikuwa akijaza dagaa kwenye gunia simu ilipoita."

Hiyo sentensi niliipenda sana, nikaona nimemaliza kazi, msomaji ameshamjua Koku. Kiukweli nilikuwa nimemjazia fomu.

Nikawatumia watu watatu waisome, na sikuwauliza kama wameipenda, maana ukiuliza hivyo watakwambia nzuri tu. Niliwaomba kesho yake wanisimulie stori kwa sauti ya wasapu bila kuifungua tena. Hapo ndo nilipoona. Mmoja aliniuliza, mbona pumu haijamshika? Alikuwa anaisubiri stori nzima, alidhani atakosa pumzi njiani. Mwingine akasimulia kwamba Koku haendi nyumbani kwa sababu anaona aibu ameachika. Yaani kaitunga stori nyingine kabisa, na wala sio kosa lake, mi ndo niliyempa hayo maneno.

Hili ndo nilikuwa silijui. Nilidhani jambo lisilo na kazi linakaa tu pembeni kama pambo, halina hasara. Sio kweli, kwa sababu msomaji kila unachompa anakichukua kama ushahidi. Ukimwambia mwanamke ameachika na haendi kwao, ataunganisha hivyo vitu viwili hata kama wewe hukuviunganisha. Kwa hiyo yule mume wa fuso alikuwa anagombania nafasi na sababu yenyewe ya stori. Nilikuwa nimemwandikia karibu maneno mia tatu, na yalikuwa mazuri, nikayafuta yote. Pumu nayo ikaondoka, na kidato cha pili, na idadi ya watoto.

Kipimo nilichotumia ni hiki. Chukua jambo moja, lifute, kisha nenda moja kwa moja kwenye pale mhusika anapoamua, sio mwanzoni, usome kuanzia hapo. Je, uamuzi bado unaeleweka vilevile? Kama unaeleweka, lile jambo halikuwa linabeba kitu. Kama uamuzi umegeuka kuwa mwingine au umekuwa wa ajabu, lirudishe. Kwa Koku sehemu hiyo ni moja tu, pale anapokata simu ya Deo bila kumjibu.

Sasa tuje kwenye meli, maana hapo ndo nimekaa muda mrefu zaidi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, watu mamia wakafa, na Kanda ya Ziwa bado kuna familia zinaomboleza. Kwenye drafti ya kwanza nilimfanya Koku awe amenusurika mle ndani, kwa hiyo anaogopa maji. Nilipopima, uamuzi ulieleweka, lakini ulieleweka kirahisi mno. Aliona ajali, anaogopa maji, haendi. Msomaji anajua kila kitu ukurasa wa kwanza na hana cha kusubiri. Na mbaya zaidi, ungeweza kuitoa meli ukaweka basi lililopinduka popote pale na stori isingetikisika. Msiba wa watu wa kweli nilikuwa nimeugeuza rangi ya kupaka mhusika, na hilo liliniuma, mi naona kama tukio la kweli linaweza kubadilishwa na jingine bila stori kujua basi huna haki ya kulitumia.

Alafu kulikuwa na tatizo la njia. Msomaji wangu wa tatu ni mtu wa Geita, akaniambia, sasa huyu anaogopa maji, lakini kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa basi si unavuka Kigongo hadi Busisi kwa kivuko? Ni kweli, miaka yote ilikuwa hivyo, ama uvuke pale ama uzunguke Shinyanga na Kahama. Na daraja la pale, lile la kilomita kama 3, lilizinduliwa Juni 2025. Nilikuwa sijaweka mwaka kwenye stori. Nikakaa kimya na ile meseji siku mbili hivi.

Nikabadilisha mambo mawili. Kwanza, Koku hakuwa ndani ya meli. Alikuwa asafiri yeye na shangazi, akashikwa na homa usiku, akaenda mdogo wake Asimwe, mwenye miaka 9. Asimwe hakurudi. Na mama siku moja kwenye matanga akasema sentensi moja, "Ungekwenda wewe." Labda hakujua Koku anasikia. Pili, stori nikaiweka Julai 2025, mwezi mmoja baada ya daraja kufunguliwa.

Angalia inavyobadilika. Miaka yote Koku amekuwa akimwambia Deo hawezi kuja kwa sababu ya kivuko, na familia nzima inaelewa, nani atamlaumu mtu aliyepoteza mdogo wake ziwani kwamba anaogopa maji? Sasa Deo anapiga simu na anasema, "Dada, daraja limefunguliwa. Hupandi kivuko tena. Njoo." Kisingizio kimeondolewa na serikali, kwa zege na nondo, na Koku amebaki na sababu ya kweli mkononi, nayo ni uso wa mama yake. Anakata simu. Hapo sasa meli haiwezi kutoka, ukiitoa hakuna stori, na mwaka hauwezi kutoka, na daraja haliwezi kutoka.

Kuna jambo moja nililolitupa mapema likarudi lenyewe. Nilikuwa na ukurasa mzima wa jinsi Koku alivyohamia Mwanza akiwa na miaka 20, alipanda nini, alifikia kwa nani, alianzaje biashara. Kwa kipimo changu ulikuwa mzigo, nikaufuta wote. Lakini baada ya kubadilisha sababu nikashtuka, huyu mtu alipotoka kwao alipita wapi? Alivuka Busisi. Kwa kivuko. Yaani alishavuka maji, tena baada ya ajali, kwa hiyo maji hayajawahi kuwa ndo sababu, na hata hiyo njia ya kuzunguka Kahama ilikuwepo miaka yote hakuipita. Ukurasa mzima haukurudi, ilirudi sentensi moja tu: "Alipokuja Mwanza alisimama mbele kabisa ya kivuko, upepo ukimpiga usoni." Nimeiweka kabla Deo hajamwambia habari ya daraja, bila maelezo. Msomaji anaipita tu. Baadaye Koku anapomwambia jirani yake pale sokoni kwamba maji anayaogopa, msomaji anajua anadanganya. Kwa hiyo mi sifuti kabisa, nahamishia kwenye faili la pembeni, kwa sababu jambo linakuwa na kazi au halina kulingana na swali la stori, na swali lenyewe likibadilika inabidi urudi upime upya kila kitu.

Na kwa nini Mwanza, asingeenda Dar kama wengine? Kwa sababu makaburi ya waliokufa kwenye ile ajali yako Igoma, Mwanza. Nimempangishia chumba Igoma. Silielezi popote, nataja tu kwamba kila asubuhi anapanda daladala Igoma kwenda sokoni. Wa Mwanza ataelewa, ambaye haelewi hapotezi uzi. Hili naona ni tofauti na pumu, kwa sababu pumu ilifungua swali ambalo silijibu, Igoma haifungui swali lolote kwa asiyejua.

Sasa sentensi ya mama iwekwe wapi? Nilijaribu mwanzoni, ikawa inaeleza kabla mtu hajauliza. Nilijaribu mwisho kabisa, ikawa kama mtego, msomaji anahisi nilimficha kwa makusudi. Ilipokaa ni kama theluthi mbili ya stori, Koku mwishowe ameamua kwenda, yuko kwenye basi, wameshapita darajani, ziwa liko nyuma na hakuna kilichomtokea, na abiria wa pembeni anamwambia, "Umeona mama, hata hutetemeki." Hapo msomaji mwenyewe ameshaanza kuuliza kama sio maji basi ni nini. Sentensi ya mama inakuja maneno mawili, bila kurudi nyuma kwa aya nzima ya mwaka 1996, bila kueleza matanga yalikuwaje. Na mwanzo wa stori umebaki hivi:

"Simu iliita Koku akiwa anajaza dagaa. Alipoona ni Deo alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, mpaka ikakata."

Limebaki jambo moja ambalo kipimo changu kinasema liondoke. Siku ya safari Asimwe alivaa kandambili za Koku, za bluu, zilikuwa kubwa kwake akawa anazikokota kwenye vumbi kwenda barabarani. Halibadilishi uamuzi wowote. Ukizifuta kandambili Koku anakata simu vilevile na anapanda basi vilevile. Nilizifuta mara mbili. Lakini Asimwe bila zile kandambili ni jina tu na umri, ni mtoto aliyekufa ili dada yake awe na sababu, na hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia tangu mwanzo. Nilipowatumia wale watu watatu drafti ya mwisho, ile ambayo kandambili zimo, nikawaomba tena wanisimulie kesho yake, wote watatu walizitaja, na yule wa Geita alianzia hapohapo, kwamba kuna mtoto alikuwa anakokota kandambili za dada yake. Nimeziacha.