Watazamaji wa pamoja: kolabo na mkubwa au na jirani?

Tuseme una chaneli ya mapishi yenye watazamaji 20,000 kwa mwezi, na kuna watu wawili wa kufanya nao kolabo. Mmoja ni mchekeshaji mwenye watazamaji 200,000. Kati yao 6,000 wanakutazama na wewe. Mwingine anafundisha kilimo cha mboga nyumbani, ana 25,000, na watazamaji mnaochangia ni 1,500 tu. Wengi wangemkimbilia mchekeshaji, wakisema watu wake ndio wangu.

Lakini chaneli kubwa huchangia watazamaji na kila mtu, kwa ukubwa wake tu. Chukua watazamaji wote wa lugha yenu kuwa milioni 2. Kama watu wangejitawanya bila kufuata ladha, ungekuta wako 2,000 kwa mchekeshaji na 250 kwa mkulima. Kwa hiyo 6,000 ni mara 3 ya bahati nasibu, na 1,500 ni mara 6. Mkulima ndiye aliye karibu nawe zaidi. Hata kama hiyo milioni 2 si sahihi, bado atamzidi mchekeshaji mara mbili.

Anayemtetea mchekeshaji ana hoja nzito: watu 194,000 hawajawahi kukuona, na wakibaki 1% tu umepata 1,940. Kwa mkulima, wageni ni 23,500, hivyo utahitaji wabaki 8% hivi ili upate idadi hiyo hiyo. Mimi bado naegemea kwa mkulima, kwa sababu mtu anayeotesha mchicha ana sababu ya kurudi kesho kujua namna ya kuupika, ilhali aliyefuata kichekesho amemfuata mtu. Tena mchekeshaji naye atapiga hesabu: 6,000 ni 30% ya watu wako, lakini ni 3% tu ya wake. Wewe unamletea wageni 14,000, kwa hiyo usishangae akidai malipo.

Ugumu ni kuzipata namba zenyewe. YouTube Studio, sehemu ya Audience, huonyesha chaneli nyingine ambazo watazamaji wako huzitazama, ila haitoi idadi ya mnaochangia, na chaneli ndogo huenda isione orodha kabisa. Mwombe mwenzako picha ya skrini ya orodha yake: ukiwa naye kwenye yako, nawe umo kwenye yake, hiyo ni dalili nzuri kuliko kumwona upande mmoja. Njia nyingine ni kulinganisha majina ya wanaotoa maoni kwenye video kadhaa za kila upande. Ila wanaotoa maoni ni wale wa kudumu, na hawawawakilishi wanaotazama kimyakimya, kwa hiyo njia hiyo itumie kulinganisha wenza wawili, si kukadiria asilimia.

Baada ya kolabo, usiangalie kilele cha siku ya kwanza. Subiri wiki nne, kisha angalia kama idadi ya watazamaji wanaorudi imepanda kwenye video zako za kawaida, zile ambazo mwenzako hayumo.