Milioni 90 za mashine zisitupangie bei ya chupa

Kwenye vikao vingi vya viwanda vidogo, swali la "tutengeneze wenyewe au tununue?" hujibiwa kwa karatasi moja ya mhasibu yenye gharama ya kipande kimoja, na bei ya muuzaji kando yake. Kilicho kidogo ndicho kinachoshinda. Mimi napinga utaratibu huo kabisa, kwa sababu ile gharama ya kipande imebeba fedha ambazo hakuna uamuzi wowote wa leo unaoweza kuzigusa. Kiwanda kinaweza kufunga kitengo kinachokiingizia faida, kila mtu akatoka kikaoni anaamini ameokoa fedha.

Tuchukue kiwanda cha mfano cha maji ya kunywa, tuseme kiko Kibaha, kinachojaza chupa 100,000 za nusu lita kila mwezi. Chupa zake hupuliza chenyewe: kinanunua prifomu, vile vijichupa vinene vya plastiki vyenye mdomo uliokwisha chongwa nyuzi za kifuniko, vinapashwa moto kisha vinapulizwa kwa hewa ya kompresa ndani ya kalibu. Mashine ilinunuliwa miaka miwili iliyopita kwa shilingi milioni 90. Sasa anatokea muuzaji mwenye chupa zilizokwisha pulizwa, anazifikisha hadi getini kwa shilingi 140 kila moja.

Mhasibu anafungua vitabu. Prifomu shilingi 95, umeme 14, mishahara ya wafanyakazi wanne wa kitengo cha kupuliza 16, uchakavu wa mashine 15, na sehemu ya pango, ulinzi na mshahara wa msimamizi wa kiwanda 20. Jumla shilingi 160. Ukinunua kwa 140 unaokoa shilingi 20 kwa chupa, yaani milioni 2 kwa mwezi. Mkurugenzi gani ataikataa hesabu hiyo?

Mhasibu hajakosea vitabu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka thamani ya bidhaa zilizo ghalani ibebe pia sehemu ya gharama zisizobadilika za uzalishaji, uchakavu na pango la kiwanda vikiwamo. Kwa hesabu za mwisho wa mwaka, 160 ndiyo namba yenyewe. Tatizo ni kuitoa kwenye kazi hiyo na kuifanya mwamuzi wa jambo lingine. Hesabu za mwaka zinauliza chupa hii imebeba gharama gani hadi sasa. Sisi tunataka kujua kuanzia mwezi ujao fedha gani zitatoka tukipuliza, na zipi zitatoka tukinunua. Gharama husika ni zile tu zinazotofautiana kati ya njia hizo mbili.

Basi tuipitie karatasi ile mstari kwa mstari. Prifomu na umeme wa kupuliza vitakoma tukiacha kupuliza, kwa hiyo vinahusika. Mishahara ya wale wanne, shilingi 16, tuiache ndani kwa sasa, tutairudia. Pango, mlinzi na msimamizi watalipwa vilevile, tupulize au tununue. Zile shilingi 20 zinabaki palepale, na ukinunua chupa kwa 140 utazilipa juu yake. Na uchakavu? Milioni 90 zikigawanywa kwa miaka mitano, kisha kwa miezi, kisha kwa chupa, ndiyo inapatikana ile 15. Lakini fedha hizo zilitoka siku mashine iliponunuliwa. Mwezi ujao hakuna atakayekuja dirishani kulipwa uchakavu. Maji yakimwagika hayazoleki, na kuyagawa kidogo kidogo kwenye kila chupa hakuyazoi.

Hadi hapo gharama ya kupuliza imeshuka hadi shilingi 125. Lakini kuishia hapo nako si haki, maana yapo mambo mawili ambayo vitabu havikuyaandika kabisa. Kwanza ni chumba. Kama jirani mwenye mzigo yuko tayari kukipanga chumba cha kupulizia kwa laki 8 kwa mwezi, basi kila mwezi tunaopuliza tunaiachia laki 8 ipite. Hiyo ni gharama halisi ingawa haina risiti, nayo ni shilingi 8 kwa chupa. Pili ni mashine yenyewe, kwa sura yake ya leo. Tuseme leo inauzika milioni 20, na baada ya miaka mitatu ya kuendelea kuitumia itauzika milioni 5 na laki 6. Kuibakiza kunatugharimu tofauti hiyo, milioni 14 na laki 4, ambayo ukiigawa kwa miezi 36 ni laki 4 kwa mwezi, au shilingi 4 kwa chupa. Shilingi 15 za uchakavu zilizaliwa na bei ya zamani. Shilingi 4 hizi zinatokana na soko la leo, na ndizo zinazostahili kuingia kwenye uamuzi.

Kupuliza, kwa hiyo, ni shilingi 137. Kununua ni 140. Kiwanda kiendelee kupuliza, kwa tofauti ndogo ya laki 3 kwa mwezi, wakati karatasi ya kwanza ilisema kuacha kungeokoa milioni 2.

Sasa miezi inapita, muuzaji wa pili anaingia sokoni na bei ya 130 hadi getini. Hapa hesabu inageuka: kununua kunaokoa shilingi 7 kwa chupa, laki 7 kwa mwezi. Mhasibu anasema tununue. Safari hii anayekataa ni mkurugenzi: "Mashine nimeitolea milioni 90, haijarudisha hata nusu, leo niiuze 20?"

Hili ndilo linalonigusa zaidi katika suala zima. Milioni 90 ni zilezile. Zilipopita kwa mhasibu zilivaa jina la uchakavu, zikaifanya chupa ya nyumbani ionekane ghali na kutusukuma tununue wakati tulipaswa kupuliza. Zilipopita kwa mkurugenzi zikawa uchungu, zikatuzuia kununua wakati tulipaswa kununua. Ndiyo maana siwaamini wanaosema gharama iliyozama, yaani fedha iliyokwisha toka na isiyoweza kurudishwa, daima humfanya mtu ang'ang'anie. Inaweza kukuvuta upande wowote, kutegemea imeingia kupitia kwa nani.

Nauheshimu uchungu wa mkurugenzi. Pengine alikopa, pengine aliuza kiwanja. Vitabu navyo vinamwongezea, kwa sababu baada ya miaka miwili mashine inaonekana na thamani ya milioni 54, na akiiuza kwa 20 itaandikwa hasara ya milioni 34. Lakini hasara hiyo hailetwi na mauzo. Ilishatokea pale soko la mashine zilizotumika lilipoifikisha milioni 20, na mauzo yanaiandika tu. Akiikatalia, mashine haipandi kurudi 54. Anachopata ni kununua haki ya kutoiona hasara hiyo kwenye karatasi, na bei yake ni laki 7 kila mwezi. Marejesho ya mkopo wa mashine, kama bado yapo, atayalipa kwa njia zote mbili, kwa hiyo nayo hayaingii. Upande wa kodi tu ndio unaohitaji jicho: kwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania, fedha za mauzo ya mashine hupunguza thamani iliyobaki katika kundi lake la mali, na hivyo hupunguza punguzo la kodi la miaka inayofuata. Hilo linahusika, kwa kuwa ni fedha za mbele.

Mstari ninaoutilia shaka kuliko yote kwenye karatasi za namna hii ni wa wafanyakazi. Tumehesabu shilingi 16, milioni 1 na laki 6 kwa watu wanne, kana kwamba kitengo kikifungwa fedha hizo zitabaki mfukoni. Uliza watu hao watakwenda wapi. Wakihamishiwa kwenye kupakia na kufunga katoni, mahali ambapo watu walikuwa wanatosha, mishahara yao italipwa vilevile, na 16 haihusiki. Kupuliza kunashuka hadi 121, na ile bei ya 130 haina tena mvuto wowote. Wakienda kuziba nafasi ambazo tungeajiri wengine kwa mishahara ileile, 16 inarudi kuhusika. Wakipunguzwa kazini, 16 inahusika lakini yapo malipo ya kuwaacha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, kwa aliyefanya kazi miezi 12 au zaidi, mbali na notisi. Kwa hiyo uamuzi wote unaweza kugeuka kwa jibu la swali moja ambalo halipo kwenye leja. Nimeona hesabu za namna hii zikipitishwa bila mtu kumwuliza msimamizi wa zamu, ambaye alikuwa analijua jibu kabla ya kikao.

Muuzaji naye achunguzwe kwa macho hayohayo. Chupa tupu ni mzigo wa hewa: lori linajaa kabla halijafikia hata sehemu ndogo ya uzito linaoweza kubeba, ndiyo sababu wengi husafirisha prifomu na kupulizia karibu na maji. Bei ya "hadi getini" isipoandikwa kwenye mkataba, nauli itakurudia. Tena chupa hizo zinataka nafasi, na huenda zikalala kwenye chumba kilekile tulichotaka kukipangisha. Ikiwa hivyo, zile laki 8 hatutazipata, na gharama ya kupuliza inashuka kutoka 137 hadi 129, chini kidogo ya bei yake ya 130.

Tuseme yote yamekaa sawa na 130 imeshinda. Bado kuna prifomu 200,000 stoo, zilizonunuliwa kwa 95. Wengine watazihesabu kwa 95, wengine kwa sifuri kwa kuwa zimeshalipiwa. Vyote viwili si sahihi. Ukiacha kupuliza, utaziuza kwa kiwanda kingine, tuseme kwa shilingi 70, na hiyo 70 ndiyo unayoikosa ukizipuliza. Kwa prifomu hizi, kupuliza kunagharimu 112 badala ya 137, chini kabisa ya 130. Kwa hiyo mkataba wa kununua chupa usainiwe, lakini tarehe ya kuanza iwe baada ya miezi miwili, na mnunuzi wa mashine aombwe asubiri hadi stoo ya prifomu iishe.