Wakfu wa Fedha: Mufti Alitoa Fatwa, Kadhi Akafunga Kesi

Kila nikisikia mashehe wa Dola ya Uthmaniya wakiitwa muhuri wa Sultani, humrudisha msemaji kwenye ugomvi wa wakfu wa fedha.

Karne ya 16, watu wa Istanbul na Rumelia, yaani upande wa Ulaya wa dola hiyo, waliweka wakfu hata sarafu, si nyumba na mashamba tu. Chukua mtu aliyetoa akche 10,000, sarafu za fedha za wakati huo. Msimamizi anazikopesha, na faida ya akche 1,000 kwa mwaka inamlipa imamu au mwalimu wa watoto. Lakini wakfu unatakiwa udumu, na sarafu ni kitu cha kupita mikononi. Isitoshe, palinuka riba: mkopaji aliuziwa kitambaa kwa mkopo, kikarudi kwa wakfu kama zawadi, deni la bei likabaki. Hila hiyo haikumdanganya mtu.

Chivizade, kadhi mkuu wa jeshi upande wa Rumelia, akamshawishi Sultani Suleimani apige marufuku. Sheikhulislamu Ebusuudi, mufti mkuu wa dola, aliyeshika cheo hicho tangu 1545 hadi alipofariki 1574, akampinga. Alishika kauli ya Muhammad Shaibani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, kwamba kitu kinachohamishika chafaa kuwekwa wakfu pale ambapo watu wamekizoea hivyo. Sarafu zimeshazoeleka, alisema, na ukizifuta leo misikiti mingapi itakosa imamu? Mwaka 1548 marufuku ikaondolewa.

Kwa hiyo Sultani alikuwa ameshaamua, akabadilishwa. Lakini sitaki kumfanya Ebusuudi shujaa wa uhuru wa wanazuoni, maana fatwa yake peke yake haikumfunga mtu. Kinachofunga ni hukumu ya kadhi, na hapo ndipo penye utamu.

Kwa Abu Hanifa, imamu wa madhehebu yaliyofuatwa na dola, mtoaji anaweza kuurudia wakfu wake hadi kadhi ahukumu. Basi mtoaji alikwenda mahakamani kumshitaki msimamizi wake mwenyewe: nirudishie fedha zangu, wakfu huu si halali. Msimamizi anakataa. Kadhi anahukumu kwanza kwamba wakfu wa fedha ni sahihi, kwa kauli ya Zufar, mwanafunzi mwingine wa Abu Hanifa. Kisha kwamba haurudiki, kwa kauli ya Abu Yusuf, mwanafunzi wake wa tatu, na Shaibani. Mashitaka ya kupangwa, na wote waliomo wanajua. Ila hukumu ikishaandikwa, kadhi mwingine haigusi, kwa kuwa imetolewa katika jambo ambalo wanazuoni wanahitilafiana.

Makadhi nao waliteuliwa na Sultani, na amri yake ndiyo iliyowaelekeza wahukumu kwa kauli ipi. Mufti akichagua kauli na Sultani akaiamuru, kadhi wa mji mdogo hakuwa tena na nafasi ya kuchagua nyingine. Hilo ndilo linanikera, kuliko hila ya kitambaa.

Birgivi, mwanachuoni wa Anatolia aliyefariki 1573, hakunyamaza. Aliandika kwamba wakfu huu ni batili na faida yake ni haramu. Kwa fiqhi tupu, nadhani alikuwa na hoja nzito kuliko Ebusuudi. Lakini yeye hakuwa na mwalimu wa kumlipa mwisho wa mwezi.