Stoku ya Mwizi

Kozi yetu ya jioni ya utunzaji wa hesabu ilikuwa na watu wa kila aina. Waweka hazina wa vikoba walikuwemo, fundi cherehani mmoja alikuwemo, na mzee mmoja mstaafu wa bandarini ambaye alikuja na kikokotoo kikubwa kama tofali. Mimi nilikuwa kijana peke yangu, kwa hiyo nikajipa cheo cha mtaalamu bila kuombwa. Wiki moja kabla ya mtihani nikatangaza kwamba nimeandaa karatasi ya muhtasari ya uwiano wa hesabu, kanuni zote upande huu, tafsiri upande ule. Bei shilingi 500.

Niliichapa kwenye simu usiku, nimelala chali, usingizi ukinivuta. Simu yangu ina tabia ya kumalizia maneno kwa niaba yangu, nami siku zote humwachia. Asubuhi nikaenda steshenari, nikatoa nakala 40, kurasa mbili kwa shilingi 200. Zilizonunuliwa ni 31. Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele.

Nakaa kwa shangazi, ana duka la kanga na vyombo vya plastiki. Jioni hiyo nikamkuta anahesabu mauzo. "Kanga hizi nanunua doti 8,000, nauza 10,000," akaniambia. "Napata robo."

Nikacheka kwa huruma ya msomi. "Shangazi, 2,000 ndani ya 10,000 ni moja ya tano. Asilimia 20. Hiyo robo umeiokota wapi?"

"Nimeweka shilingi 8,000, zimezaa 2,000. Elfu mbili iko mara ngapi ndani ya elfu nane?"

"Shangazi, haya ni mambo ya kitaalamu."

Akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kufunga noti kwa raba. Mwanamke wa Tanga akikunyamazia ujue ameshakuandikia deni.

Mtihani ulikuja Jumamosi. Swali la kwanza: duka la vifaa vya shule, hesabu zinafungwa 31 Desemba. Stoku ya mwanzo wa mwaka shilingi 4,000,000, ya mwisho 6,000,000. Mauzo 30,000,000. Faida juu ya gharama asilimia 25, ile ambayo wahasibu huiita maki-apu na darasa letu zima lilishaizoea kama "makapu". Tafuta mzunguko wa stoku, yaani imeuzwa na kujazwa upya mara ngapi kwa mwaka, na siku ambazo bidhaa hukaa dukani.

Nikakumbuka karatasi yangu. Mauzo gawanya kwa stoku ya mwisho. Milioni 30 kwa milioni 6 ni 5 kamili. Siku 365 gawa kwa 5 ni 73. Hakuna desimali hata moja! Nikatazama pembeni, nikamwona mzee wa bandarini naye ameweka tofali lake chini, anatabasamu. Darasa lote lilikuwa na utulivu wa watu waliokwisha kufaulu.

Jumatano mwalimu akaingia na rundo la karatasi, uso haujulikani kama ni hasira au kicheko kinachozuiwa.

"Nina swali moja kabla sijagawa," akasema. "Huyu mwizi ni nani?"

Kimya.

"Nimesahihisha karatasi 34. Ndani ya 31 nimeambiwa nigawe mauzo kwa *stoku ya mwizi*. Mmoja ameandika mpaka tafsiri: 'stoku ya mwizi imeongezeka, hali ya biashara ni nzuri.' Nataka kujua huyo mwizi ana duka wapi, maana anafanya vizuri kuliko mwenye mali."

Macho 31, yaani jozi 31, yakanigeukia. Nilitamani sakafu ipasuke. Simu ilikuwa imemalizia "mwisho" kwa namna yake, na wenzangu walikariri kwa uaminifu mkubwa, fundi cherehani akapigia mstari kwa rula.

Mwalimu akaniita ubaoni. "Tuanze na juu. Stoku imeandikwa vitabuni kwa bei gani?"

"Ya kununulia."

"Na mauzo?"

"Ya kuuzia."

"Kwa hiyo juu umeweka hela yenye faida ndani, chini hela isiyo na faida, ukagawa. Ni sawa na kupima mchele kwa kilo na kutoa hesabu kwa debe. Juu panakaa gharama ya mauzo, yaani bei ya kununulia ya vile vilivyouzwa. Itafute."

Nikaandika asilimia 25 ya milioni 30, nikaitoa, nikapata 22,500,000. Nyuma nikasikia mwalimu akihema.

"Hilo ndilo shimo la pili. Asilimia 25 ni ya gharama, wewe umeikata kwenye mauzo. Gharama ikiwa 100, mauzo ni ngapi?"

"125."

"Basi milioni 30 ndiyo hiyo 125. Ukinunua kitu 8,000 ukauza 10,000..."

Nusura chaki inidondoke. Nilisikia sauti ya shangazi ndani ya kichwa, na noti zikifungwa kwa raba. Robo ya gharama ni moja ya tano ya mauzo, faida ni ileile, kinachobadilika ni kile unachoipimia. Shangazi alikuwa sahihi. Mimi nami nilikuwa sahihi, ila nilimwambia amekosea, na hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa.

Milioni 30 mara 100 gawa kwa 125, ikatoka 24,000,000. Chini tukaweka wastani, 4,000,000 jumlisha 6,000,000 gawa kwa mbili, 5,000,000. Mzunguko mara 4.8, siku 76.

"Mbona tusichukue ya mwisho tu?" mzee akauliza, nadhani kwa kunionea huruma.

"Duka la vifaa vya shule, mzee. Tarehe 31 Desemba limejaa madaftari kwa sababu Januari shule zinafunguliwa. Ukipiga picha siku hiyo utadhani mwaka mzima lilikuwa limejaa." Kisha akatugeukia wote. "Namba za swali zimepangwa. Nikiona 5 najua umegawa mauzo kwa stoku ya mwisho. Nikiona 4.5 najua umekata asilimia kwenye mauzo. Jibu likitoka laini sana, lirudie."

Akageuza karatasi yangu upande wa tafsiri, akasoma kwa sauti: "Uwiano wowote ukipanda ni vizuri." Akaitazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye wali. Duka lile lilikuwa na mali za muda mfupi milioni 9 dhidi ya madeni ya muda mfupi milioni 3, tatu kwa moja, na wote tulikuwa tumelipongeza. Akatoa stoku ya milioni 6, ikabaki 3 kwa 3. "Deni likidaiwa kesho," akasema, "mtalipa kwa madaftari?"

Baada ya kipindi nikarudisha hela za watu, 500 mara 31. Mzee wa bandarini akakataa yake, akasema ataihifadhi karatasi kwa ajili ya wajukuu.

Nakala tisa zilizobaki nilizikuta siku chache baadaye kwa shangazi, zimekatwa vipande vya kufungia karanga. Sikuuliza. Mteja mmoja alifungua kifungashio chake palepale kibarazani, akasoma, akakunja uso.

"Mama, huyu mwizi walimkamata?"

"Yupo hapo ndani," shangazi akajibu bila kuinua macho. "Anapiga hesabu."